Joto la Ndani ya Mkoba

Ilikuwa wiki ya tatu ya safari, na mpima masikio alikuwa amechoka kiasi kwamba hata akifumba macho aliendelea kusikia milio ya kipimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka zahanati za mkoa mzima, kupima watu waliopungukiwa na usikivu, kisha kuwawekea vifaa vidogo vinavyokaa nyuma ya sikio. Wagonjwa walimwita Mama Masikio, naye hakuchukia.

Vifaa vile bila kompyuta ni sawa na vifungo bila shati. Kila kimoja hutakiwa kuunganishwa na laptopu na kupangwa kulingana na sikio la mwenyewe, sauti nyembamba iongezwe kiasi fulani, nzito ipunguzwe kiasi fulani. Na laptopu ilikuwa moja tu. Ikigoma, mama huyo alikuwa hana kazi mpaka arudi mjini.

Alishawahi kuua moja. Aliisokomeza kwenye begi la nguo pamoja na chaja, chupa ya maji na madaftari mawili makubwa, akadhani nguo zitatosha kuwa mto. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Lile tofali la chaja likakaa juu ya kifuniko, likawa linakisukuma kila gari liliporuka, na alipofika na kuifungua alikuta kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Mumewe, ambaye ni fundi wa makochi, aliichukulia habari hiyo kama tusi lake binafsi. Kompyuta mpya ilipokuja aliipima kwa utepe, urefu, upana na unene, kama anayemshonea mtoto sare ya shule. Akakata sponji ngumu ya makochi, akaizidisha kwenye kona nne, maana alisema kitu kikianguka hutua kwa kona. Ndani aliweka kitambaa laini kisichotoa manyoya, nje turubai, na juu ya zipu akashonea ulimi wa kuzuia vumbi. Kwa turubai hilohilo akashona na mkoba wa kuibebea, chaja ikapata mfuko wake mbali, chini kabisa.

"Hili ni koti," alimwambia mkewe. "Hata gari likipinduka, wewe utaumia, yeye hataumia."

"Asante kwa kunijali," mkewe alimjibu.

Basi asubuhi moja ya wiki hiyo ya tatu, Mama Masikio alikuwa kwenye zahanati ya kwanza ya siku, chumba chenye bati lililotoboka sehemu mbili. Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka. Miaka ishirini na saba ya kusimama kando ya injini ilikuwa imemla masikio yote mawili. Alikuja na mkewe, na mkewe ndiye aliyekuwa akizungumza, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"ANAULIZA UNA MIAKA MINGAPI!"

"Nini?"

"MIAKA!"

"Ah. Sitini na nne."

Kipimo kilichukua karibu dakika arobaini. Mzee alivaa vile visikilizio vikubwa, akawa anainua kidole kila alipousikia mlio, na Mama Masikio akawa anaingiza alama kwenye kompyuta, sikio la kulia, sikio la kushoto, mlio baada ya mlio. Ulipofika wakati wa kuunganisha vifaa, mvua ikaanza. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika ghafla, na bati likapiga kelele hata mwenye masikio mazima asimsikie jirani yake. Tone la kwanza lilitua mezani, la pili kwenye daftari. La tatu akaliona linakuja karibu na kibodi.

Alifunga kifuniko, akachomoa nyaya, akaitumbukiza laptopu kwenye koti lake, akavuta zipu, akaliingiza koti kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia kwenye mkoba. Yote hayo kwa muda wa pumzi tatu. Mikono yake ilikuwa imeizoea kazi hiyo. Kichwa chake kilikuwa kimeshatangulia kwenye chai.

"Tuondoke wote," alimwambia mke wa yule mzee msagishaji kwa kupaza sauti. "Kituo cha afya ninakokwenda si kiko karibu na kwenu? Nitamwekea huko huko."

"NDIYO, NI KARIBU!" alijibu yule mama, ingawa hakuhitaji kupiga kelele namna ile.

Dereva alikuwa ameshasogeza gari hadi mlangoni. Watu walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amezidisha mwendo. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu, mgongo ukimsumbua, na alikuwa mtu wa maneno machache. Aliupokea mkoba kwa mikono miwili, akaufuta maji, akausimamisha kwenye kiti cha nyuma na kuufunga mkanda. Hakuuweka juu ya dashibodi kwenye jua, wala chini karibu na gia ambako joto la injini hupanda hadi viatu vinachemka. Msagishaji alikuwa na gunia dogo la unga, na unga wenyewe ulikuwa unatoka kwenye mishono. Mkewe akataka kulilaza juu ya mkoba.

"Hapana, mama," dereva alisema. "Hapo kuna mgonjwa. Lete gunia huku nyuma."

Walikwenda. Baada ya saa moja mvua iliisha kama ilivyoanza, na jua likatoka limekasirika. Barabara ya upande ule haikuwa imepata hata tone. Vumbi likaanza kuingia kwa kila tundu. Njiani ilibidi wasimame kwenye ofisi ya afya ya wilaya, Mama Masikio apate sahihi ya barua ya kuendelea na ziara.

"Mzee, nakuomba sana," alisema akishuka. "Mkoba usibaki garini. Jua hili, na vioo vimefungwa, humo ndani patakuwa jiko."

"Najua, mama."

Sahihi moja ilichukua saa nzima na robo. Mwenye muhuri alikuwa amekwenda kwenye kikao, na mwenye ufunguo wa kabati la muhuri alikuwa amemfuata. Mama Masikio alikaa kwenye benchi, akasinzia, akaamka shingo imekakamaa. Alipotoka, gari lilikuwa palepale kwenye jua kali, vioo juu. Msagishaji na mkewe walikuwa wamelala barazani wameegemea ukuta. Dereva alikuwa amekwisha kaa kwenye usukani, injini inanguruma. Mkoba ulikuwa kwenye kiti cha nyuma, umefungwa mkanda wake, kama vile haujaguswa.

Alipanda mbele, akafunga mlango. Alikuwa hana nguvu ya kugombana. Lakini aliuona mkoba pale, na jambo hilo likakaa kifuani mwake njia nzima.

Kituo cha afya kilikuwa na watu wengi kwenye veranda. Muuguzi wa zamu, mwanamke mwembamba mwenye kalamu nywelani, aliwapa chumba cha nyuma, chenye meza, umeme na bati zima. Mama Masikio aliutoa mkoba, akaondoa nailoni, akafuta vumbi kwenye ulimi wa zipu kwa leso kabla hajaivuta, maana vumbi likishaingia kwenye matundu ya feni halitoki kwa kubembeleza. Akavuta zipu.

Joto lilimpiga usoni.

Aliitoa laptopu na kuiweka mezani haraka, kama aliyeshika sufuria bila kitambaa. Aliifungua. Kioo kilikuwa cheusi. Alibonyeza kitufe. Kimya.

Alitoka hadi veranda. Dereva alikuwa amesimama kando ya gari akijinyoosha mgongo.

"Mzee, nilikuambia nini?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Kompyuta imeungua! Nimekuambia usiiache garini kwenye jua, ukasema unajua. Saa nzima na robo! Unajua nini sasa?"

Watu wote verandani waligeuka. Hata msagishaji, ambaye hakusikia neno, aliona uso wake na kugeuka.

"Sikuiacha," alisema dereva.

"Nimeikuta kwenye kiti!"

"Niliirudisha nilipokuona unatoka."

"Basi hilo joto limetoka wapi, mzee? Limetoka mbinguni?"

Dereva alimpa kisogo. Kisha alichukua ndoo yake, akaenda kwenye bomba nyuma ya kituo, akaanza kuosha gari ambalo lingechafuka tena baada ya nusu saa. Mke wa msagishaji alimwambia mumewe kilichotokea, akidhani ananong'ona, na veranda nzima ikasikia upya.

Mama Masikio alirudi chumbani, akaketi. Muuguzi aliingia, akaigusa laptopu kwa ncha ya kidole.

"Lo! Tuiweke kwenye friji ya chanjo dakika kumi? Inapoza sana."

"Hapana, dada. Asante. Ikitoka kwenye baridi kali kuingia kwenye hewa hii, itatoka jasho ndani kwa ndani. Maji yakishika zile saketi ndipo tutakapoizika. Iache ipoe yenyewe."

"Basi niichomeke kwenye umeme?"

"Bado. Betri ya moto haichajiwi. Tusubiri."

Aliiacha kifuniko wazi, dirisha limefunguliwa, mbali na jua. Kusubiri ilikuwa kazi ngumu kuliko kupima. Hesabu za kichwani zilianza zenyewe. Vituo saba vilivyobaki, watu waliokwisha kuambiwa tarehe, mama mmoja wa zahanati ya mbele aliyetuma ujumbe mara tatu kuuliza kama ni kweli anakuja. Akachukua simu, akampigia mumewe. Sauti ya nyundo ilisikika, kisha ikanyamaza.

"Baba watoto, koti lako limeshindwa."

"Limeshindwa nini? Imeanguka?"

"Haijaanguka. Imeungua na jua. Dereva kaiacha garini."

"Imeungua yote? Turubai likoje?"

"Turubai lina nini tena? Nakuambia kuhusu kompyuta!"

"Liguse kwanza," alisema mumewe. "Kitu kikichomwa na jua, nje ndiko hupata kwanza. Sponji ile ni nene, joto la nje linachelewa sana kufika ndani. Liguse."

Mama Masikio alivuta mkoba. Ulikuwa wa kawaida tu, si moto. Kwenye mshono wa chini, palipokunjwa turubai, kidole chake kilikuta unyevu. Ulikuwa unyevu wa mvua ya asubuhi. Gari limekaa saa nzima na robo kwenye jua vioo vimefungwa, na mshono haujakauka.

Aliugusa tena mshono, simu ikiwa sikioni.

"Upo?" aliuliza mumewe.

"Nipo."

"Sponji haitengenezi joto, mama watoto. Inalizuia. Likiwa nje linabaki nje, na likiwa ndani linabaki ndani. Ndiyo maana kochi zuri linakutoa jasho. Sasa niambie, uliizima kabla ya kuivalisha?"

Alikumbuka tone la tatu. Alikumbuka alivyofunga kifuniko, na mikono ilivyokwenda yenyewe. Aliifunga. Hakuizima. Na kompyuta iliyofungwa tu haijazimika, imesinzia, na usingizi wa mashine zile ni wa mang'amung'amu. Lolote linaiamsha. Iliamka humo gizani, programu ya vipimo ikiwa wazi, ikaanza kuhangaika na shughuli zake, feni ikavuta hewa isiyokuwepo, imebanwa na sponji pande zote na nailoni juu yake. Ilijipika yenyewe hadi ikajizima, au hadi betri ikaisha.

"Sikuizima," alisema.

"Basi koti halijashindwa," alisema mumewe, na kwa sauti yake alikuwa amepumua. Kisha akasema taratibu, "Umechoka, mke wangu. Kula kitu."

Alikata simu, akakaa ameushika mkoba magotini. Kutoka dirishani alimwona dereva ameinama, anasugua tairi, mkono mmoja kiunoni. Kumfuata kule nyuma na kumwambia faraghani kungekuwa rahisi. Lakini hakuwa amemgombeza faraghani.

Alikwenda verandani, akamwita. Mzee Taratibu alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, akasimama hatua chache chini.

"Mzee," alisema, na watu wakanyamaza kusikiliza, kama alivyojua watanyamaza. "Nilikukosea. Kompyuta haikuchomwa na jua. Mimi ndiye niliyeifunga bila kuizima kule asubuhi, ikapata moto humo humo kwenye mkoba. Wewe uliitunza. Mkoba mpaka sasa una unyevu. Nisamehe."

Dereva aliangalia ardhi.

"Nilikaa nayo pale ukutani kwa mlinzi, chini ya kibanda," alisema. "Niliipakata. Nikasema, moyoni, mbona leo nzito hivi. Joto sikulisikia kabisa."

"Usingelisikia. Sponji ni nene."

"Haya." Alikohoa. "Lakini, mama, usinisemeshe tena vile mbele za watu. Mimi ni mtu mzima."

"Sitarudia."

"Basi imekwisha." Akarudi kwenye ndoo yake. Hakutabasamu, na Mama Masikio hakutarajia atabasamu.

Baada ya saa moja laptopu ilikuwa imepoa kabisa. Mama Masikio aliifunga, akailaza mezani, akaisukuma kona kwa kona kuona kama inayumba, maana betri ikivimba huinua tumbo la kompyuta na haikai sawa tena, na hapo mtu mwenye akili hagusi kitufe wala chaja. Ilikaa bapa. Aliinama, akaitazama usawa wa macho. Hakuna palipoinuka. Akainusa, hakukuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Akachomeka chaja, akasubiri, akabonyeza.

Taa ndogo iliwaka. Muuguzi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kisingizio cha kutafuta faili, alipiga kofi moja.

Kompyuta ilifunguka polepole, ikalalamika kwamba haikuzimwa vizuri. Alitafuta rekodi za wiki. Zote zilikuwepo, isipokuwa moja. Kipimo cha msagishaji, dakika arobaini za kidole juu kidole chini, hakikuwa kimehifadhiwa. Alama alizoziweka zilikuwa zimekwenda na ule moto.

Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Kisha akatoka kuwaita.

"Mama, mwambie mzee kwamba nitampima tena. Kosa ni langu."

"ANASEMA UTAPIMWA TENA!"

"Nimefeli?" aliuliza msagishaji.

"HAPANA! NI YEYE AMEFELI!"

Veranda ilicheka, na Mama Masikio naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na kingine cha kufanya. Tatizo lilikuwa kelele. Mtu akipimwa masikio hutakiwa utulivu, na nje kulikuwa na watoto wachanga, pikipiki zikiingia na kutoka, na redio dukani. Alifunga dirisha, haikusaidia. Akafungua mlango kutaka kumwomba muuguzi, akamkuta dereva amebeba kiti cha plastiki kukiweka katikati ya njia ya kuingilia.

"Wewe pima," alisema. "Pikipiki zitazimiwa huku getini. Redio nimeshamwomba mwenyewe, amekubali saa moja."

Walianza upya. Mlio mwembamba, kidole. Mlio mzito, kidole. Mara nyingine mzee alisinzia na ikabidi amguse bega. Safari hii, kila baada ya alama chache, Mama Masikio alihifadhi, akahifadhi tena, kama mtu anayerudi mlangoni kuhakikisha amefunga. Jua lilikuwa limeanza kulegea alipomaliza. Aliunganisha vifaa viwili, akavipanga, akavitundika nyuma ya masikio ya msagishaji, akaingiza vile vifuniko laini kwenye matundu. Kisha akavifungulia, sauti ikiwa chini kwanza.

Msagishaji alikaa wima. Aligeuza kichwa kulitazama dirisha, kisha kiti chake kilicholia alipojigeuza, kisha mikono yake mwenyewe aliyokuwa akiisugua magotini.

"VIPI?" aliuliza mkewe. "UNASIKIA?"

Mzee aliruka kidogo kwenye kiti, akaweka kiganja sikioni.

"Mke wangu," alisema. "Nasikia. Punguza."

"NIPUNGUZE?"

"Punguza sauti."

Yule mama alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama Mama Masikio kama anayeomba msaada. Alijaribu tena, na ikatoka kelele ileile. Alikuwa amezungumza hivyo miaka mingi hata koo lake halikujua pengine pa kuanzia.

"Sasa niongee vipi?" aliuliza, na mwisho wa swali ndio ulioshuka kidogo, ukiwa na mikwaruzo.

"Hivyo hivyo," alisema mumewe. "Endelea hivyo."

Mama Masikio aliwaacha. Alibofya kuzima, akasubiri mpaka kioo kikawa cheusi, taa zikazimika, na feni ikanyamaza kabisa, akaweka kiganja chini ya kompyuta na kukiacha hapo hadi akaridhika. Ndipo akaivalisha. Nje dereva alikuwa amekirudisha kiti cha watu na kufungua milango yote minne ya gari ili hewa ya moto itoke. Vituo saba vilikuwa bado vinangoja. Alimpa Mzee Taratibu mkoba, akapanda mbele, na kabla gari halijafika barabara kuu alikuwa amelala.